Yalla: Nani Anayetakiwa Kuinuka?

Mswahili anayehamia nchi za Ghuba hulisikia neno yalla kabla hata hajajua kuomba maji kwa Kiarabu. Hulitamka dereva anayesubiri abiria wa mwisho, mama anayemwita mtoto dukani, msimamizi wa ghala na mtu anayeagana na nduguye kwa simu. Wageni wengi huelezwa kwamba maana yake ni "haraka" au "twende", nao huridhika na maana hizo mbili. Mimi naishi Sharja na kazi yangu iko Deira, Dubai, katika ofisi ya kusafirisha mizigo ambamo Wamisri, Wasiria, Walebanoni na wenyeji wa Imarati huzungumza siku nzima. Kwa kuwasikiliza hao nimeona kwamba ugumu wa neno hili hauko katika kasi. Ugumu wake ni kuwa halisemi nani anayetakiwa kuinuka.

Kitenzi cha Kiarabu, kama chetu, hubeba nafsi ndani yake, na katika kuamrisha hutenganisha hata mwanamume na mwanamke: taal ni "njoo" kwa mwanamume, taali kwa mwanamke, taalu kwa watu wengi. Yalla haibadiliki hivyo, kwa sababu asili yake si kitenzi. Ni wito wa "ya Allah", yaani "ee Mwenyezi Mungu", ambao ulitamkwa mtu alipoanza jambo kwa kumtaja Mola wake, ukafupika kwa kutumiwa sana hadi ukawa neno la kusukuma mambo mbele. Wito wenyewe haujafa. Mzee wa Kighuba anapoinuka kitini huvuta pumzi na kusema "ya Allah" kwa ukamilifu wake, akimaanisha dua, na wapo wanaume wa nchi za Sham, yaani Siria, Lebanoni na jirani zake, ambao huitamka kwa sauti wanapoingia nyumbani na mgeni, ili wanawake walioko ndani wajue kwamba kuna mtu anakuja, kama sisi tunavyopiga hodi. Wenyeji wa Ghuba humpokea mgeni kwa "yalla hayyah", na hapo hakuna harakaharaka yoyote: anayesema anamwomba Mungu ampe mgeni wake uhai.

Basi nafsi ambayo yalla haina huletwa na kinachofuata. Mtu akisema "yalla taal", wa kuinuka ni wewe. Akisema "yalla nimshi", au "yalla nsiir" kama wasemavyo watu wa Imarati na Oman, wa kuinuka ni sote pamoja, naye amejihesabu wa kwanza. Mmisri angesema "yalla bina". Akisema "yalla jaay", wa kuinuka ni yeye msemaji: anakuja. Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo huanza pale neno linapobaki peke yake, na aghalabu ndivyo linavyosemwa. Hapo msikilizaji hupaswa kutazama limetokea wapi katika mazungumzo. Wengi hudhani kwamba sauti inatosha kuwaeleza, lakini Mmisri mchangamfu na Msiria mwenye hasira wanaweza kulitamka kwa ukali uleule. Mahali pake ndipo pasipodanganya.

Likifungua mazungumzo, linamsukuma anayeambiwa. Msimamizi anayetoka mlangoni na kusema "yalla, ya shabab" anawataka vijana waanze kupakia. Likiwa ni jibu la mtu aliyeitwa, linamfunga yule aliyelisema: ameitika na ameahidi kuja. Likija baada ya kimya kidogo, au baada ya "tayyib" au "khalas", yaani "vema" na "basi imetosha", linafunga mazungumzo na wote wawili wanaachana.

Kijana mmoja wa Tanga, aliyekuwa mgeni kazini, alitumwa kupeleka hati za kontena zitiwe saini na karani Msiria aliyekuwa chumba cha ndani. Alimwita kutoka mlangoni, na Msiria, bila kuinua kichwa, akajibu "yalla, yalla". Kijana akaelewa kwamba anahimizwa aondoke haraka, akarudi na hati zake hadi kwenye lori, akamwambia dereva kwamba mambo yako tayari. Dereva aliona pengo la saini, akakataa kuondoka, na mzigo ukasubiri hadi alasiri. Msiria naye alikuwa ametoka mara moja baada ya kuitika, akakuta mlangoni hakuna mtu. Kijana hakukosea maana ya neno, maana "yalla, yalla" ni kuhimiza kweli; hakuangalia tu kwamba yeye ndiye aliyeita kwanza. Anayejibu wito kwa yalla hujihimiza mwenyewe. Naongeza kwamba ahadi hiyo haina kipimo cha muda: inaweza kuwa dakika moja, na inaweza kuwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, hivyo anayeitegemea asiondoke bali asimame pale anapoonekana.

Mahali ambapo yalla hufanya kazi kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni katika kuagana, na hapo Walebanoni na Wasiria ni walimu. Chukua ziara ya jioni nyumbani kwa familia ya Kisiria. Kahawa imenyweka, mgeni amerudisha kikombe na kusema "daayme", akiwaombea wenyeji neema ya kudumu. Baada ya kitambo anaweka viganja vyake magotini na kusema "yalla". Hajainuka, wala haimpasi kuinuka. Yalla hii ya kwanza ni taarifa, nayo inawapa wenyeji nafasi ya kukataa, kwa hiyo mwenye nyumba atasema "baad bakkir", yaani bado mapema. Mgeni anaketi tena, na kwa kawaida hapo ndipo jambo lililokuwa kiini cha ziara hutajwa: mkopo, posa, au mgonjwa anayehitaji msaada wa nauli. Yalla ya pili husemwa mgeni akiwa amesimama, na sasa kumzuia sana kungekuwa kumchosha, kwa hiyo wenyeji humwambia "nawwartuna", kwamba ameing'arisha nyumba yao. Ya tatu ni ya mlangoni na huwalenga wenzake mgeni, mke na watoto ambao bado wanazungumza: hii ndiyo "twende" halisi. Ya mwisho hutamkwa ngazini au mbele ya lifti, ikifuatwa na "maa salama", na haimsukumi mtu yeyote, kwa sababu kila mmoja ameshageuka.

Mswahili aliyelelewa vizuri haoni ajabu katika utaratibu huu, kwani hata kwetu mgeni haondoki kwa kuaga mara moja. Kinachomchanganya ni kwamba neno moja limebeba hatua zote. Mtu akiichukulia yalla ya kwanza kama ya mwisho, akainuka na kuufungua mlango, humfedhehesha mgeni, kana kwamba amengoja kwa hamu aondoke.

Katika simu utaratibu ni huohuo, ila umefupishwa. Yalla ya kwanza, baada ya "tayyib", huuliza kama una jambo lingine. Kama unalo, lilete papo hapo, kwani hilo ndilo dirisha lako. Kama huna, nawe sema yalla, kisha nyote mtataja salama. Mteja anayeambiwa "tayyib, yalla" na kubaki kimya husababisha kimya kizito ambacho Mwarabu hukitafsiri kama kutoridhika, na mara nyingi nimewasikia wakiuliza, "Kuna nini? Umekasirika?"

Ipo yalla nyingine ambayo haimwinui yeyote. Meli imechelewa, au mteja amekwenda kwa kampuni nyingine, na Mmisri anashusha pumzi na kusema "yalla, maalesh", yaani si neno. Au mwenzake anasema "yalla, kheir", kwamba huenda lina kheri ndani yake. Hapo kinachosukumwa mbele ni moyo, uache lililopita. Nadhani ni hapa ambapo wito wa asili wa kumtaja Mungu unasikika kwa karibu zaidi, hata kwa msemaji asiyeufikiria.

Kuhusu adabu, ni lazima niseme waziwazi kwamba yalla tupu haielekezwi kwa mkubwa. Kijana anayemwambia mzee "yalla" bila chochote kinachofuata amemwamrisha. Njia ya heshima ni kujiingiza ndani kwa "nimshi" au "nsiir", au kuambatanisha jina la heshima, kama "yalla, ya ammi", au kuliacha kabisa na kusema "tfaddal", yaani "karibu, tangulia". Upande wa pili, katika maghala na majengo yanayoendelea kujengwa, wafanyakazi wa Kiasia na wa Kiafrika huambiwa "yalla, yalla" kutwa nzima bila jina wala "tafadhali". Hilo ni neno lilelile likiwa limevuliwa adabu yake, na sioni sababu ya mtu wetu kuliiga anapopewa cheo cha kuwasimamia wenzake. Aidha, Wamisri wana "yaala", yenye irabu ndefu mwanzoni, inayotokana na "ya walad", yaani "ewe mtoto wa kiume". Marafiki hutaniana nalo, ila kwa mtu usiyemjua ni tusi, na mgeni anayeivuta irabu ya kwanza ya yalla anaweza kuonekana ametukana.

Sisi tunalo "haya", nalo ni mkopo wa Kiarabu vilevile, kutoka "hayya", ambayo kila Mwislamu huisikia katika adhana: "hayya alas-salah, hayya alal-falah". Katika Kiarabu cha mitaani yalla imechukua sehemu kubwa ya kazi za hayya, ilhali katika Kiswahili haya imekwenda njia ileile kwa miguu yake: haya njoo, haya twende, haya naja, haya kwaheri. Ndiyo maana Mswahili akiwa na mashaka juu ya yalla anaweza kuweka haya mahali pake, na aghalabu ataelewa. Isipokuwa sehemu moja. Sisi tukipewa agizo hujibu "haya", kwa maana ya kulikubali. Mkubwa wa kazi akikuagiza jambo nawe ukamjibu "yalla", kwa sikio la wengi umemjibu kwa wepesi, au umemharakisha aondoke. Mmisri hujibu "haadir", mwenyeji wa Ghuba hujibu "inzeen" au "zeen", na "tayyib" hukubalika kwa wote. Baada ya kulitamka mojawapo ya hayo, ukitaka kuwageukia wenzako na kuwaambia "yalla, ya shabab", hapo neno liko mahali pake.