Oda 96 za video na daftari la mama

Mwaka 2022 nilikuwa nasimamia matangazo ya duka moja la mashuka hapa Dar. Duka lenyewe liko Kariakoo ila mauzo mengi yalikuwa yanapita kwenye tovuti, mteja anaweka shuka kwenye kapu, analipa kwa simu, kama yuko mkoani mzigo unapanda basi. Jumatatu moja nikampelekea mama mwenye duka ripoti nikiwa na furaha kweli: tumetumia 1,200,000 kwenye video za Facebook na Instagram, zimeleta oda 96, yaani kila oda 12,500 wakati faida ya seti moja ni kama 30,000. Nikaomba bajeti iongezwe mara mbili.

Mama hakujibu. Akafungua daftari lake la oda, lile kubwa la jalada jeusi, akashuka na kalamu mstari kwa mstari, oda zote za tovuti wiki ile zikawa 118. Akaniambia, "Mwanangu, kabla ya hizi video tulikuwa tunauza kama 80 kwa wiki. Sasa kama video zimeleta 96, wale wateja wangu wa siku zote wameenda wapi?"

Usiku ule nikafungua Ads Manager, ukurasa wa Facebook wa kusimamia matangazo, nikaenda kwenye Columns, nikachagua Compare attribution settings, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukigusa. Namba ikapasuka vipande viwili, `7-day click` oda 29, `1-day view` oda 67. Nilikaa naiangalia tu. Mpangilio uliokuwa unakuja wenyewe wakati ule ulikuwa unajumlisha hizo mbili: aliyebofya tangazo akanunua ndani ya siku 7, na ambaye hakubofya ila tangazo lilimpitia kwenye skrini akanunua ndani ya siku 1. Na kupita kwenye skrini siyo kutazama, video inaweza kuwa imezimwa sauti na mtu ameisukuma juu kwa kidole, bado inahesabika.

Kwa klik peke yake kila oda ilikuwa imetugharimu zaidi ya 41,000, hasara. Wazo la kwanza likawa nifute hizo 67 zote, ila nikamkumbuka dada mmoja aliyepiga simu akasema video ya shuka za zambarau aliiona akiwa kwenye daladala, bando likaisha, alipofika nyumbani akatafuta jina la duka akanunua. Huyo hakubofya, lakini bila video asingetujua.

Basi nikaanza kuangalia tangazo mojamoja. Tulikuwa na video ya watu wapya iliyokula 900,000, klik 21 na kuona 15, halafu tulikuwa na ya kuwafuata walioacha mashuka kwenye kapu, hii ilikula 300,000, klik 8 na kuona 52. Hapo moyo ukashtuka. Mtu ameshachagua shuka jana, anasubiri tu hela iingie, leo tunampitishia video mbele ya macho, akilipa tunasema video imeuza! Na kwenye ripoti yangu ndo lilikuwa tangazo bora kuliko yote, kila oda 5,000.

Nikamwomba mama tulizime wiki mbili. Oda za tovuti zikawa 115, halafu 116. Zile 60 zilizokuwa zinasomeka kwa jina lake karibu zote zilikuja zenyewe.

Hii ya watu wapya nikaizima Arusha na Mwanza tu, kwingine nikaiacha iendelee ili kama soko lote limepoa nijue. Mikoa hiyo miwili ilikuwa inatoa oda kama 31 kwa wiki, zikashuka zikawa 21, wiki iliyofuata 22, Dar haikutikisika. Ripoti ilikuwa inaipa video klik 6 tu kwa mikoa hiyo, kumbe ilikuwa inaleta kama 10. Yaani huku klik zilikuwa zinaipunja, na kule kwenye kapu kuona kulikuwa kunaizidishia. Oda kumi ni chache lakini, mishahara ikitoka tu zinaweza kuyumba, ndo maana mwezi uliofuata nikarudia kwa Dodoma na Mbeya kabla ya kumwambia mama chochote, na huko nako zikashuka.

Niliporudi kwake nilikuwa na karatasi yenye safu tatu, klik, kuona, na zilizopungua tulipozima. Ile ya kuona sikuijumlisha na kitu. Mama akaivuta karibu na daftari, akasoma safu ya tatu mara mbili, akasema zile laki tatu za kapu zihamie kwenye video ya watu wapya, tuanze na Arusha.