Ankara ya Mashine za Boti

Ami yangu alikuwa na boti za kuvusha wageni kati ya Lamu mjini, Shela na Manda, nami nikimwandikia hesabu. Mwaka ule aliagiza mashine mbili mpya kwa muuzaji wa Mombasa tuliyemzoea. Bei ilikuwa shilingi 1,240,000. Alhamisi alasiri, mimi nikiwa Mokowe kupokea mzigo mwingine, Ami alilipa kwa RTGS, ule uhamisho wa pesa nyingi kutoka benki moja hadi nyingine. Ijumaa asubuhi nikampigia muuzaji kumuuliza lori litaondoka lini.

"Dada, hizo pesa hatujaziona."

"Si zimeingia kwenye akaunti yenu mpya?"

"Akaunti mpya ipi?"

Niliifungua ile barua pepe iliyoleta akaunti hiyo huku mikono ikinitetemeka. Ilikuja ndani ya mazungumzo yetu yale yale, na chini yake yalikuwepo maneno yetu ya kweli kuhusu bei na usafiri. Ankara ilikuwa na namba ile ile na mhuri ule ule. Waliongeza tu kwamba akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi, hivyo tulipe kwenye hii nyingine. Anwani ya mtumaji ndiyo iliyowaumbua: palipokuwa na m kwenye jina la kampuni, waliandika r na n zikishikana. Kwenye kioo cha simu huwezi kuona tofauti.

Watu walimlaumu Ami, na hawakumtendea haki. Alikuwa amepiga simu kuhakikisha. Ila alipiga namba ya simu iliyokuwa kwenye ankara ile mpya, nayo pia ilikuwa imebadilishwa, akapokelewa na mtu mwenye adabu aliyemthibitishia kila kitu.

Tulikwenda benki mbiombio, maana Ijumaa ikipita, siku mbili za mapumziko zingempa mwizi nafasi ya kutoa pesa bila haraka. Meneja wa tawi alitueleza kwamba RTGS ikishapita haifutwi na upande uliotuma. Tena Ami aliandika jina la kampuni, lakini pesa zilifuata namba ya akaunti, na akaunti ilikuwa ya mtu binafsi mwenye jina jingine kabisa. Kilichobaki ni kuiomba benki iliyopokea izuie salio lililokuwepo.

Kwa hiyo hatukuandika barua ya kulalamika. Tuliandika karatasi moja yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, kiasi, saa, akaunti iliyotuma na iliyopokea, na sentensi moja: haya ni malipo ya ulaghai, tunaomba salio lizuiwe. Meneja aliipeleka kwenye kitengo chao cha ulaghai, nacho kikaipigia benki ya pili. Wakati huo mimi nilikuwa kituo cha polisi nikiripoti wizi na kuchukua namba ya OB, kwa sababu benki ya pili ilikubali kuzuia kwa muda tu, hadi polisi wapate amri ya mahakama. Bila amri, yule mwenye akaunti angedai pesa ni zake.

Shilingi 280,000 zilikuwa zimeshatolewa. Zilizobaki, 960,000, zilizuiwa.

Ami alitaka kumwandikia yule mwizi amtukane. Nikamwambia, "Ami, tafadhali, usijibu wala usifute." Barua yenyewe ilikuwa ushahidi, na mwizi akijua tumegundua, angekimbilia kutoa kilichobaki. Niliichapisha pamoja na maelezo yake ya ndani, yale yanayofunguka kwenye Gmail ukibonyeza "Show original", nikampa mpelelezi.

Lakini mwizi aliyaona wapi mazungumzo yetu? Tulikagua sanduku la Ami: vichujio, anwani za kupelekea nakala, vifaa vilivyoingia. Palikuwa safi. Kwa muuzaji, fundi wao alikuta kanuni iliyofichwa: kila barua yenye jina la Ami ilihamishiwa kwenye folda ya "RSS Feeds", ambayo hakuna anayeifungua. Kuna aliyekuwa akiwasoma humo kabla ya ankara yetu kutumwa. Kubadilisha nywila peke yake kusingetosha, maana kanuni ile ingebaki ikifanya kazi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Muuzaji alidai bado hajalipwa, na kweli hakuwa amelipwa. Ami naye alisema mlango uliovunjwa ulikuwa wao. Wakili alitushauri tupatane badala ya kushtakiana. Zile 960,000 zilirudi baada ya miezi ya kufuatilia mahakamani, zikaenda kwa muuzaji, na hasara ya zile 280,000 tukagawana nusu kwa nusu.

Baadaye muuzaji alihama benki kweli. Ami alipiga namba aliyokuwa nayo kwenye daftari lake la zamani, akasomewa akaunti tarakimu kwa tarakimu. Kisha akatuma kwanza shilingi chache, kiasi ambacho mtu hawezi kukibahatisha, akapiga tena namba ile ile na kuuliza, "Zimeingia ngapi?" Walipomjibu 1,137, ndipo akalipa zilizobaki.