Ulaini wa tumboni na ulaini wa ngozi: nilivyochagua mpira wangu wa gofu

Mkwaju ulionitesa kwa muda mrefu ni ule wa mita 40 hivi. Nacheza kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi, na hendikapu yangu ni 24, yaani mimi ni mchezaji wa kawaida tu. Kwa drava, fimbo ya kupigia mbali, nafika kama hatua 200 nikiupata vizuri. Lakini nikikaribia grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, mpira unatua pale pale nilipokusudia, kisha unatembea taratibu mpaka unatokea upande wa pili. Badala ya kumaliza kwa mikwaju miwili nilikuwa natumia minne.

Mwenzangu tunayecheza naye akaniambia nitafute mipira laini. Nilinunua dazeni moja iliyoandikwa hivyo kwenye boksi, yenye kompresheni ya karibu 40, nikaicheza mwezi mzima. Mkononi niliipenda. Drava ilitoa mlio wa chini, na hata siku nilizopiga kwa ncha ya fimbo sikusikia ule mtetemo unaopanda hadi kwenye kiwiko. Kwenye grini, hata hivyo, mpira ulitembea vile vile.

Kedi wangu, anayenibebea fimbo, ndiye aliyenifungua macho. Aliuchukua mpira, akaubonyeza ngozi yake ya nje kwa ukucha, akasema, "Bosi, huu ulaini uko tumboni. Kinachoshika grini ni ngozi."

Nilikuwa nimechanganya vitu viwili. Kompresheni ni kipimo cha jinsi mpira mzima unavyobonyea unapokandamizwa, na sehemu kubwa inatokana na kiini chake cha mpira wa sanisia. Mipira laini sana iko kwenye 30 na 40, ya kati iko kwenye 60 na 70, na ile wanayotumia wachezaji wengi wa kulipwa iko karibu na 90 au 100. Watengenezaji hawapimi wote kwa namna moja, kwa hiyo namba za kampuni mbili zichukuliwe kama makadirio. Na ile namba kubwa iliyochapwa kwenye mpira, 1 hadi 4 mara nyingi, haihusiki kabisa. Ipo ili wewe na mwenzako msichanganye mipira yenu.

Ngozi ni habari nyingine. Mipira mingi ya bei nafuu, laini kwa migumu, imevikwa ayonoma, plastiki inayoteleza na isiyokatika ovyo. Ya bei ya juu huvikwa yurethani, ambayo ni laini zaidi na inang'ang'ania chuma. Unapopiga drava mpira hubonyea hadi ndani, kwa hiyo kiini ndicho kinachosema. Unapopiga wedji, fimbo ya mikwaju mifupi, kwa nusu ya nguvu, mpira haubonyei sana. Kinachotokea ni kwamba ngozi inabanwa kati ya mifereji ya uso wa fimbo na tabaka gumu lililo chini yake. Yurethani hushikwa na mifereji, mpira ukaondoka ukizungukia nyuma kwa kasi. Ayonoma huteleza juu ya uso wa fimbo.

Sikutaka kuamini kwa maneno tu. Jioni moja uwanja ulipokuwa mtupu nilichukua mipira mitatu ya aina tatu: ule laini wangu wa ayonoma, mgumu wa ayonoma, na wa yurethani wenye kompresheni ya kati, kama 70. Nilisimama mita 40 kutoka grini, kwenye nyasi fupi kavu, nikapiga kila mpira mara tano kwa wedji ile ile. Kedi alisimama grinini akihesabu hatua kutoka mpira ulipotua hadi uliposimama.

Ayonoma laini ilitembea hatua 9 hadi 12. Ayonoma ngumu ilitembea karibu sawa na hiyo. Yurethani ilidunda mara moja, ikadunda ya pili kama imevutwa shati, ikasimama baada ya hatua 4 au 5. Jambo ambalo sikulitarajia ni mruko wenyewe. Ayonoma iliruka juu na kuonekana nzuri angani, na yurethani ilitoka chini zaidi. Kwa miaka yote nilidhani mpira unaoruka juu ndio unaosimama. Wiki mbili za kwanza na yurethani nilikuwa naishia fupi, kwa sababu bado nilikuwa nautua mpira mbali na shimo nikisubiri utembee. Ilibidi nijizoeze kuutua karibu zaidi.

Kwa drava majibu yalikuwa tofauti. Nilipiga mipira kumi ya kila aina kwa Jumamosi mbili, nikipima kwa hatua. Tofauti ya aina na aina ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya mkwaju wangu mmoja na mwingine. Nimesikia mara nyingi kwamba mwenye mkono wa taratibu hawezi kuubonyeza mpira mgumu, hivyo anapoteza umbali. Sivyo. Kila mpira hubonyea kwa kila mtu, ila kwa viwango tofauti. Mpira mgumu huondoka kwa kasi kidogo zaidi, na anayepiga kwa nguvu huiona faida hiyo. Kwa mkono kama wangu pengo hilo linakaribia kutoweka.

Faida niliyoiona kwa ule laini ni nyingine. Kiini laini hupunguza mzunguko kwenye drava, na mzunguko mdogo unamaanisha mpira haupindi sana kwenda kulia. Slaisi yangu haikupona, lakini baadhi ya mikwaju iliyokuwa ikiishia vichakani ilibaki rafu, kwenye nyasi ndefu za pembeni. Ubaya ni kwamba hata kwa fimbo za chuma mzunguko unapungua. Kwa chuma namba 6 mpira laini ulitua ukiwa bado na mbio. Kama kizuizi kiko nyuma ya grini, hilo ni jambo la kuogopa.

Yurethani nayo ina mipaka yake. Nyasi ndefu zikiingia kati ya mpira na fimbo, au umande wa asubuhi ukiwa mzito, ngozi haigusani vizuri na mifereji na sehemu kubwa ya faida inapotea. Kwenye rafu sasa nahesabu kwamba mpira utatembea, uwe wa aina gani. Tena huchubuka. Ukigonga njia ya lami au mchanga wenye changarawe unaota manyoya, na ukigonga ukuta unakatika.

Niliwahi pia kuuziwa mipira iliyotumika inayong'aa kama mipya, yenye nembo ya aina ya bei ghali. Ilikuwa imepakwa rangi upya. Kwenye wedji iliteleza, na baada ya mashimo machache rangi ikabanduka kama ganda la yai. Sasa nanunua iliyotumika ikiwa na uchakavu wake wa asili. Naangalia kama ina manyoya madogo ya wedji, nabonyeza kwa ukucha kama kedi alivyonionyesha, na kama rangi ni nene kiasi cha kujaza vishimo, naiacha.

Siku hizi nacheza yurethani ya kompresheni ya 70 mashimo yote, ila mawili yenye maji mbele ya tii, pale pa kuanzia shimo, ambako natoa ayonoma ya zamani mfukoni. Jumamosi iliyopita, kwenye mkwaju ule ule wa mita 40, mpira ulisimama hatua tatu kutoka shimoni. Kedi alinipa pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, kabla sijaiomba.