Mama, rovu la Idjwi na kidonge cha moyo

Mama yangu alizaliwa Idjwi, kisiwani katika Ziwa Kivu, nyakati ambazo wanawake wengi wa huko walikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Lake ni dogo, unaliona tu akimeza. Hapa Bukavu moyo wake ulipoanza kupiga ovyo, nao ukiwa umeshadhoofika, daktari alimwanzishia amiodaroni: vidonge 3 vya miligramu 200 kwa siku wiki ya kwanza, 2 wiki ya pili, kisha kimoja. Ikamfaa kweli. Alirudi kupanda Kadutu kwenda soko bila kupumzika njiani.

Mwezi wa 14 wa dawa hiyo vitenge vilianza kumpwaya. Alikuwa anakula vizuri, lakini mizani ilionyesha kilo 6 pungufu. Jirani alisema ni sukari. Usiku mmoja nilimpa kikombe cha chai, kikagonga kisahani mfululizo kwa kutetemeka kwa mikono yake. Nikamshika kifundo cha mkono nikahesabu dakika nzima: mapigo 118, tena ya ovyo kama zamani.

Kipimo cha TSH, kinachoonyesha hali ya tezi ya shingo, kilikuwa 1.8 kabla ya dawa. Kilipaswa kurudiwa kila miezi 6. Tulikiruka kwa sababu mama alijisikia mzima na pesa ilikuwa ya ada za shule. Jambo hilo bado linaniuma. Safari hii labo iliandika chini ya 0.01, ishara kwamba tezi inatoa homoni kupita kiasi.

Daktari alinieleza bila haraka. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina iodini miligramu 75 hivi, na kila siku miligramu kadhaa huachiliwa mwilini, wakati mtu anahitaji mikrogramu 150 tu. Tezi yenye rovu, iliyozoea njaa ya iodini, ikishapata wingi huo inaweza kutengeneza homoni bila kipimo. Kwa wengine dawa hiyohiyo huizimisha tezi: wananenepa, wanahisi baridi, wanachoka, na watu wanadhani ni uzee.

Alisimamisha amiodaroni yeye mwenyewe. Mimi nisingethubutu, maana moyo ungeweza kuharibika zaidi. Akampa bisoprololi ya kutuliza mapigo na karbimazoli ya kuzuia tezi, akinionya: homa au koo kuuma, mlete siku hiyohiyo tuhesabu chembe nyeupe za damu.

Amiodaroni hujificha kwenye mafuta ya mwili, na nusu yake huchukua wiki nyingi kutoka. Kwa hiyo hata baada ya kuacha tuliendelea kupima ini, ALAT na ASAT. Zikipita mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida daktari aliitaka habari hiyo mara moja. Radio ya kifua ya mwanzo naitunza kwenye bahasha, ili akianza kikohozi kikavu au kuhema, ya pili ilinganishwe nayo. Bila ile ya kwanza ni vigumu kujua kama doa ni la zamani au mapafu yameanza kuumia.

TSH ilichukua miezi 5 kufika 0.9. Kila Jumapili kabla ya misa bado nampima uzito na mapigo, naandika kwenye daftari. Jumapili iliyopita: kilo 58, mapigo 74.