Siku moja maishani mwangu: kutia wanga kanzu na sare za pamba

Saa 1 asubuhi. Kazi huanza kwa kuutoa wanga wa zamani. Nguo zinalowekwa nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, zinafuliwa, kisha zinasuuzwa mpaka povu liishe, maana sabuni iliyobaki huacha umanjano ikikutana na moto wa pasi. Wanga mpya ukiwekwa juu ya ule wa zamani, kitambaa kinakakamaa, na kila kinapokunjwa nyuzi zinavunjika palepale penye mkunjo. Nikiwa na shaka, nachota maji ya suuzo ya mwisho kwenye kikombe na kudondoshea ayodini. Yakigeuka buluu iliyokolea, wanga bado umo. Ayodini isiguse nguo, yenyewe ni doa.

Saa 3. Kwa kanzu natumia kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo kwa lita moja ya maji. Kwa kola za sare, viwili. Kwanza naukoroga kwenye maji baridi kidogo, ndipo namimina maji yanayochemka huku nikikoroga, kisha naurudisha kwenye moto mdogo. Rangi ya maziwa ikitoweka na uji ukawa angavu, umeiva. Ukiuanza kwa maji ya moto, unashika madonge, na donge dogo tu likikaukia kwenye sare ya rangi nzito linaonekana kama chokaa. Kwa hiyo lazima uchujwe kwa kitambaa.

Saa 4. Nguo inaingia ikiwa bado mbichi, ili wanga usambae sawasawa. Naikamua kwa kuibonyeza, bila kuisokota. Makwapa ya kanzu hayatiwi kabisa: jasho hulainisha wanga, unanata, na vumbi linaganda hapo. Naishikilia sehemu hiyo juu ya beseni. Kwenye kamba naigeuza juu chini baada ya dakika chache, la sivyo wanga wote unateremkia kwenye pindo.

Saa 8 mchana. Kama imekauka kabisa, nainyunyizia maji na kuiviringisha kwa muda kabla ya pasi. Pasi iende bila kusimama. Ikianza kukwama, wanga umeshika kwenye bamba lake na muda si mrefu utaungua na kuacha alama za kahawia. Naizima, inapoa, nalifuta bamba kwa kitambaa chenye maji.

Saa 11 jioni. Kanzu itakayovaliwa karibuni inatundikwa. Ile itakayokaa kabatini miezi kadhaa sitaki iwe na wanga hata kidogo, kwani mende huula na kutafuna pamba pamoja nao, na kabati likiwa na unyevu ukungu huacha vidoa vyeusi ambavyo ni nadra kutoka vyote. Kabla ya kuitundika naiinua kwenye mwanga na kuangalia ukingo wa kola. Mstari wa mkunjo ukipitisha mwanga kuliko sehemu nyingine, nyuzi zimeanza kulika. Hiyo kuanzia sasa itapata nusu kijiko kwa lita, na kola yake haitapigwa mkunjo mkali tena.