Nilivyomwandikia hongera mhadhiri msaidizi wetu makala yake ilipotoka

Katika idara yetu ya Kiswahili, makala ya mtu ikitoka habari huanzia kwenye kundi la wasapu. Mmoja anabandika kiungo, mwingine anaandika "Hongera sana", maua na makofi yanafuatana, na kabla ya magharibi kiungo kimeshafukiwa na tangazo la kikao na mchango wa harusi. Sizichukii hongera hizo, nami hutuma yangu. Ila mkuu wa idara akiishia hapo, mwandishi chipukizi anabaki hajui kama kuna mtu hata mmoja aliyeifungua makala yenyewe. Hadi siku hiyo wasomaji wake ni mhariri na wahakiki asiowajua majina, ambao kazi yao ilikuwa kumtafutia kasoro.

Safari hii aliyechapisha alikuwa mhadhiri msaidizi wetu, nitamwita Bi. S. Ilikuwa makala yake ya kwanza akiwa mwandishi wa kwanza. Nilimpigia simu siku ileile.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Nimeiona makala. Hongera sana. Barua yako inakuja nikishaisoma."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Utaisoma yote?"

Swali hilo lilinionyesha kwamba kazi niliyojipa ilikuwa ya lazima. Barua ya hongera isiyotaja kitu kilichomo ndani ya makala inaweza kupelekwa kwa mtu yeyote, na anayeipokea analitambua hilo mara moja. Kwa hiyo nilikaa chini nikasoma, kalamu mkononi, nikitafuta mahali pamoja tu ambapo mwandishi alifanya jambo ambalo mwingine angeliruka.

Makala inahusu vimilikishi vya majina ya ujamaa. Kila mzungumzaji anasema "rafiki yangu amefika" na "rafiki zangu wamefika", wala hashtuki kwamba ndani ya sentensi moja jina limepatanishwa kwa namna mbili: kimilikishi kimefuata ngeli ya I-ZI, kitenzi kimefuata A-WA. Vitabu vya shule hulitaja jambo hili kama upekee wa kukariri, basi. Bi. S. aliuliza kwa nini upekee huo umedumu, wakati viumbe hai karibu wote wamevutwa upande wa A-WA, na jibu lake ni rahisi kiasi kwamba nilijiuliza mbona sikuliona. Katika A-WA, kimilikishi cha umoja na cha wingi vinafanana: mtu wangu, watu wangu. Kwa "mtu" hakuna hasara, maana jina lenyewe linaonyesha idadi kwa kiambishi chake. Lakini "ndugu", "rafiki", "dada" na "shangazi" hayana kiambishi cha kuonyesha idadi. Ukisema "ndugu wangu", msikilizaji hajui ni mmoja au ni ukoo mzima. Ukisema "ndugu yangu" au "ndugu zangu", anajua. Ndiyo maana hata wafugaji utawasikia wakisema "ng'ombe zangu", ingawa ng'ombe hana ujamaa na mtu.

Hoja hiyo ndiyo iliyosifiwa kwenye wasapu, na wale wachache waliofungua kiungo waliishia kwenye ikisiri inakotajwa. Mimi kilichonishika ni kitu kilichojificha katika sehemu ya data. Bi. S. alitenga mifano ya mazungumzo aliyoinakili kutoka kwenye kanda na mifano ya magazeti, akaichanganua kila moja peke yake. Wanafunzi wetu wengi huimimina yote kwenye kapu moja ili data ionekane nyingi. Tatizo ni kwamba sentensi ya gazeti imeshapita mikononi mwa mhariri, na mhariri akikuta "rafiki wangu" huigeuza kuwa "rafiki yangu" bila kumuuliza mtu. Ukichanganya, unapima pamoja mazoea ya wasemaji na kalamu ya mhariri, na ile "wangu" inayojitokeza midomoni mwa vijana inazama. Msomaji anaweza kuipima kasoro hii mwenyewe katika makala nyingi: angalia kama jedwali linakuambia mfano ulisemwa au uliandikwa. Lisipokuambia, asilimia zilizomo hazina mwenyewe.

Nikawa nimepata cha kuandika. Lakini kabla ya barua kulikuwa na mambo mawili ya kuweka sawa.

La kwanza ni jina. Huwa nafungua ukurasa wa jarida wenyewe, sitegemei nakala niliyotumiwa, nikaangalia juzuu, namba, kurasa, DOI, mpangilio wa waandishi na jina la taasisi. Ni kazi ya dakika chache na huokoa usumbufu mkubwa, kwa sababu barua ya mkuu wa idara huingia kwenye faili na kosa lililomo hunakiliwa kila linakopita. Kwenye nakala ya makala jina la Bi. S. lilikuwa sahihi, ila kwenye ukurasa wa jarida majina yalikuwa yamegeuzwa, la ukoo likawa la kwanza na lake likawa la ukoo. Kwetu wenye majina matatu hili hutokea sana. Mifumo inayokusanya makala husoma kile kilichoingizwa kwenye ukurasa, haisomi nakala, na makala yake ijayo ingeweza kuhesabiwa kuwa ya mtu mwingine. Nilimweleza kwa simu, nikamwambia amwandikie mhariri yeye mwenyewe, kwa kuwa mwandishi wa mawasiliano ni yeye. Katika barua sikuligusa. Mtu anayepongezwa hapaswi kukuta orodha ya marekebisho katikati ya pongezi.

La pili lilihitaji ulimi laini zaidi. Mwandishi wa pili ni mwalimu mwandamizi wa idara hiyohiyo, aliyenizidi umri, na ndiye aliyemsimamia Bi. S. shahada ya umahiri. Nikimpongeza kijana peke yake, mzee anaweza kuona amerukwa. Nikiwaandikia wote barua moja, kila atakayeisoma ataona kazi ni ya mzee na binti alibeba mkoba. Nilimfuata ofisini kwake nikamuuliza waziwazi mgawanyo wa kazi ulikuwaje.

"Kanda ni zangu," akasema. "Hoja ni yake. Mwandikie yeye."

Jibu hilo lilinipa sentensi niliyoihitaji. Hii ndiyo barua, nimeondoa majina tu:

"Mpendwa Bi. S.,

Hongera sana kwa makala yako kuhusu vimilikishi vya majina ya ujamaa. Nimeisoma kuanzia ikisiri hadi tanbihi ya mwisho.

Kilichonivutia zaidi ni uamuzi wako wa kuitenga mifano ya mazungumzo na mifano ya magazeti. Ungeichanganya, jedwali lako lingekuwa nene na hoja yako ingekuwa dhaifu. Kwa kuitenga umetuonyesha wasemaji wanafanya nini kabla kalamu ya mhariri haijawafikia. Naelewa kwamba ulirudi kwenye kanda upya baada ya maoni ya wahakiki, na kazi hiyo inaonekana.

Maelezo yako kwamba 'wangu' haimwambii msikilizaji kama ndugu ni mmoja au ni wengi nitayatumia muhula ujao katika somo la sarufi la mwaka wa pili, na makala yako itakuwa kwenye orodha ya kusoma.

Namshukuru pia Mwalimu wetu kwa kukufungulia kanda zake. Idara inajivunia kazi hii.

Wako,
Mkuu wa Idara"

Ni fupi, na nilikusudia iwe fupi. Rasimu yangu ya mwanzo ilikuwa na aya nyingine iliyoisifu makala kuwa "ya kiwango cha juu" na "mchango mkubwa katika taaluma". Niliifuta. Nakala ya barua inakwenda kwa mkuu wa kitivo na kwenye faili, na siku ya kuomba kupanda daraja makala itatathminiwa na watu wengine wenye dhamana hiyo. Mkuu wa idara akishatoa alama kwenye barua ya pongezi, ama anawafunga mikono, ama anamfanya kijana aonekane amebebwa. Nilichokiandika ni kile ninachoweza kukisimamia nikiulizwa: nimesoma, nimeona hiki, nitakitumia hivi. Ile ahadi ya orodha ya kusoma niliitimiza kabla sijatia sahihi, nikaingiza makala kwenye muhtasari wa somo. Ahadi za kwenye barua za hongera zina tabia ya kuoza.

Sikuweka pia lile neno ambalo sisi wakuu hulipenda: "tunatarajia makala nyingine mbili kabla ya mwisho wa mwaka". Kwa anayelisoma, hongera imeshageuka kuwa deni.

Kitu kilichonitesa kukiacha ni swali. Niliposoma hoja ya idadi nilikumbuka mara moja "marafiki zangu". Hapo jina lina kiambishi "ma-", wingi umeshaonekana, kwa hiyo "zangu" haina tena kazi ya kuonyesha idadi, na bado watu wanaisema kila siku. Swali hilo linagusa kiini cha makala, na ndani yangu mhakiki alikuwa anawashwa mkono. Lakini swali kama hilo kutoka kwa mkuu wa idara, likiandikwa na kuwekwa kwenye faili, linasomeka kama dosari. Nikalihifadhi.

Bi. S. alipokuja kunishukuru, barua ikiwa kwenye bahasha yake bado, nilimwagiza chai, tukaongea habari za nyumbani kwanza. Kisha nikamuuliza kuhusu "marafiki zangu".

Hakushtuka hata kidogo. Alisema anadhani "zangu" ilishakita mizizi wakati jina bado ni "rafiki" tupu, "ma-" ikaongezwa juu yake baadaye, na kimilikishi hakikuona sababu ya kuhama.

"Na wajomba zangu?" nikamuuliza. "Mjomba alikuwa na kiambishi chake tangu mwanzo."

Akaweka kikombe chini, akacheka. "Hapo, Profesa, ndipo na mimi nilipokwama. Labda ni ujamaa wenyewe unaoivuta 'zangu', kwa kufuata kina ndugu na dada." Akachukua karatasi mezani kwangu bila kuomba, akaanza kuorodhesha: mjomba, mzazi, mkwe, mtani, ili aone ni yapi yanakubali "zangu" katika wingi na yapi yanakataa. Tulibishana kuhusu "wakwe zangu" hadi karani akaja kunikumbusha kikao.

Mhariri alirekebisha majina kwenye ukurasa wa jarida baada ya muda. Hapo ndipo nilipomtumia mkuu wa kitivo nakala ya barua pamoja na kiungo, kikiwa na jina la mwandishi jinsi anavyojiita.