Kuku wa kienyeji aliyeandikwa chini ya soda

Mwaka 2018, mwezi wa saba, Mama Mdogo alinipigia simu akaniambia mgahawa unajaa kila mchana na bado kodi ya miezi mitatu anaikopa kwenye kikoba. Mgahawa wenyewe ulikuwa Moshi mjini, si mbali na stendi kuu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya hoteli na sijapata kazi, kwa hiyo nilifungasha nguo na mzani mdogo wa dijiti niliokuwa nautumia kuokea keki, nikapanda basi.

Nilipomsalimia na kukaa, kitu cha kwanza nilichoomba ni daftari la manunuzi. Lilikuwa limeandikwa vizuri, mwandiko wa mwalimu wa shule ya msingi, maana ndiyo kazi aliyostaafia. Tatizo lilikuwa kwenye hesabu ya sahani moja moja. Nyama ya ng'ombe alinunua kilo moja kwa shilingi 7,000, na sahani ya ndizi nyama aliipangia gramu 150, kwa hiyo alihesabu kwamba nyama ya sahani moja ni 1,050. Asubuhi iliyofuata tulinunua kilo tano, mpishi akaisafisha kama kawaida, akatoa mifupa, mafuta na utando, kisha nikapima kilichobaki. Kilikuwa kilo tatu na gramu 600. Maana yake kilo ya nyama inayoingia sufuriani haikuwa 7,000 bali karibu 9,700, na nyama ya sahani moja ilikuwa 1,460. Mama Mdogo aliutazama mzani kwa muda mrefu. "Hiyo mia nne nimeigawa bure miaka sita," alisema.

Baada ya hapo hakunizuia tena kupima kitu chochote.

Wiki nzima nilikaa jikoni. Mpishi, mzee mwenye heshima zake, alipakua kwa upawa na kwa jicho, na sahani zake za gramu 150 zilikuwa kati ya 130 na 210. Sikumlaumu, kwa sababu anayempakulia mtu anayemfahamu mkono wake huwa mzito. Lakini chipsi kuku ndiyo iliyonishtua zaidi. Ilikuwa inauzwa 4,500 ili isizidi bei ya jirani, na Mama Mdogo aliamini inamwachia zaidi ya 2,000. Robo ya kuku wa kisasa ilikuwa 1,875. Viazi gramu 400 baada ya kumenya vilikuwa 500, kwa kuwa ganda na macho vinaondoka na sehemu ya tano ya uzito. Kachumbari na tomato sosi, 250. Mpaka hapo hesabu yake ilikuwa karibu na yangu. Kilichokosekana kabisa ni mafuta. Alikuwa anayanunua kwa ndoo na kuyaandika kwenye ukurasa wa "mengineyo" pamoja na sabuni na kiberiti. Niliandika kila lita iliyoingia kwenye karai, pamoja na ya kuongezea na yale yaliyomwagwa yakishakuwa meusi. Kwa wiki zilikuwa lita 22, za shilingi 88,000, kwa sahani 220 zilizopita kwenye karai lile. Shilingi 400 kila sahani. Chipsi kuku ilikuwa inaacha 1,475 tu, na ndiyo iliyokuwa ikiuzwa kuliko zote, sahani 180 kwa wiki.

Chuoni tulifundishwa njia ya kuchambua menyu ambayo wasomi wawili wa mambo ya hoteli, Kasavana na Smith, waliitoa Michigan, Marekani, mwaka 1982. Unachukua kila chakula na kukiuliza maswali mawili: kinauzwa kiasi gani, na kinaacha shilingi ngapi baada ya kutoa gharama ya kilichomo kwenye sahani. Kinachouzwa sana na kuacha nyingi ni nyota. Kinachouzwa sana na kuacha kidogo, mwalimu wetu alikiita punda. Kinachoacha nyingi ila hakiuziki ni fumbo, na kisichofanya lolote kati ya hayo ni cha kufikiria kukiondoa. Kipimo cha kuuzika nacho kipo: kama vyakula vikuu ni kumi, fungu la kila kimoja lingekuwa asilimia kumi, na kinachofikisha asilimia 70 ya fungu hilo, yaani saba katika kila sahani mia, kinahesabiwa kuwa kinauzika. Sisi tulikuwa na vyakula vikuu kumi na tuliuza kama sahani 600 kwa wiki. Mstari wetu ulikuwa sahani 42. Kwa upande wa fedha, wastani wa kinachobaki kwa sahani ulikuwa karibu 1,850.

Mama Mdogo alipinga kwa hoja nzuri. Wali maharage, alisema, unagharimu 800 na unauzwa 2,500, gharama haifiki hata theluthi ya bei. Kwa nini tusisukume huo? Nilimweka kwenye meza kuku wa kienyeji wa rosti na ndizi. Gharama yake ni karibu nusu ya bei, kwa asilimia anaonekana mbaya. Lakini tulimnunua 16,000, tukamkata vipande kumi na viwili, viwili kwa sahani, nyama ya sahani moja ikawa 2,670. Ndizi mshare 470, viungo 450, mboga na kipande cha parachichi 200. Jumla 3,790, bei 8,000. Kinabaki 4,210. Mteja ana tumbo moja na kiti kimoja kwa mchana ule: akila wali maharage anaacha 1,700, akila kienyeji anaacha mara mbili na nusu ya hiyo. Sahani 22 tu kwa wiki. Hilo ndilo lilikuwa fumbo letu.

Sato naye aliacha nyingi, lakini niliogopa. Samaki asiyenunuliwa leo kesho si yule yule, na umeme wa mtaa ule haukuwa wa kuaminika. Ukinunua sita na kuuza wanne, wale wawili wanalipiwa na wale wanne, na faida iliyo kwenye karatasi inaisha. Kuku wa kienyeji anakaa bandani akila pumba mpaka siku yake.

Menyu ya zamani ilikuwa karatasi moja ya laminesheni yenye vitu 27. Chipsi kuku juu kabisa. Bei zote zimepangwa upande wa kulia kwa mstari wa nukta, kiasi kwamba jicho la mteja linashuka kwenye bei kutafuta ndogo kabla hata hajasoma chakula. Kuku wa kienyeji alikuwa wa 25, chini ya soda na maji. Niliandika upya. Nilibakiza vitu 16, nikamweka kienyeji juu ndani ya fremu, nikaeleza kwa mstari mmoja kwamba ni kuku wa Kibosho, rosti ya nyanya na ndizi mshare, na bei nikaiandika mwishoni mwa maelezo bila nukta. Chipsi kuku niliishusha katikati, ikapanda kuwa 5,000, na viazi vikawa gramu 350 kwa kikombe tulichokipima. Wali maharage Mama Mdogo hakuniruhusu kuugusa. "Hao wa maharage ndio waliokuwa wakila hapa kabla ya wewe kuzaliwa jikoni," aliniambia, na nadhani alikuwa sahihi.

Wiki ya kwanza ya menyu mpya tuliuza kienyeji 24. Wawili zaidi. Nililala vibaya siku ile.

Kesho yake nilivaa aproni nikahudumu meza, na ndani ya saa moja nikaona nilichokosa kukiona kwa wiki tatu jikoni. Watu hawakuwa wakisoma menyu. Mtu anakaa, anaisogeza karatasi pembeni kupisha simu yake, anauliza, "Dada, kuna nini leo?" Na dada wa meza anajibu kwa pumzi moja: wali, ugali, chipsi kuku, ndizi, pilau. Menyu yetu ilikuwa mdomo wake. Kienyeji hakutajwa kabisa.

Jioni nilimuuliza kwa nini. Alisita, akijua Mama Mdogo anasikia, kisha akasema, "Dada, kienyeji kinachukua dakika 40. Mtu ana basi la Dar, ananigombeza mimi, si jikoni."

Kumbe kosa lilikuwa letu. Kila oda ya kienyeji ilikuwa inaanza kuku akiwa mgumu. Tulikaa na mzee mpishi, akapendekeza yeye mwenyewe achemshe kuku wawili kila saa tatu asubuhi kwa tangawizi na chumvi hadi walainike, na rosti imaliziwe mteja akishaagiza. Dakika 12. Supu iliyobaki tuliiuza kwenye vikombe. Na vipande akavipanga vizuri: kila sahani paja au kidari kimoja pamoja na mgongo au bawa, maana wateja wawili wa meza moja wakipewa tofauti, mmoja anaondoka akinung'unika.

Yule dada tulikubaliana jambo moja tu, kwamba jibu lake lianze na kienyeji na liishie na ndizi nyama, kwa sababu mteja anayesikiliza orodha hushika cha kwanza na cha mwisho. Hakutakiwa kumsifia mtu wala kumlazimisha. Nilimsikia siku ya kwanza: "Kuna kuku wa kienyeji wa Kibosho yuko tayari, wali, pilau, chipsi, na ndizi nyama." Neno "yuko tayari" aliliongeza mwenyewe, nami nikajua hapo amefanya kazi kuliko karatasi yangu.

Wiki ya nne tuliuza kienyeji 61. Chipsi kuku zilishuka hadi 152, lakini sasa kila moja iliacha 2,035, kwa hiyo kwa jumla zilituingizia zaidi kuliko zile 180 za mwanzo. Baadhi ya vijana wa bajaji walihamia kwa jirani kwa ajili ya ile mia tano. Mama Mdogo aliwakumbuka kwa majina, na mimi sikuwa na hesabu ya kumjibu.

Niliondoka mwezi wa kumi nilipopata kazi Arusha. Nilirudi Desemba, wakati Wachaga wanapopanda nyumbani na kila boma linataka kuku. Nilimkuta Mama Mdogo nyuma ya mgahawa, mzani wangu mezani, miwani puani, akimpima kuku aliyenunuliwa 22,000. Alikuwa ameshaandika kwenye daftari: nyama ya sahani 3,670, kinabaki 3,210. Chini yake kulikuwa na bei mpya kwa penseli, 9,000, kisha ameifuta, kisha ameiandika tena.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Shika miguu ya huyu, anayumbisha mzani."